Kifuko cha Maji kwenye Ini, Kinundu kwenye Pafu: Mambo Ambayo Kipimo Huyaona Bila Kuyatafuta

Hadi miaka ya karibuni, mkazi wa Ngulyati aliyehitaji kipimo cha CT alilazimika kusafiri hadi Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, au mbali zaidi. Baada ya mwaka 2021 Serikali ilisimika mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na kipimo hicho kimesogea karibu na wananchi. Altrasaundi nayo imeshuka hadi kwenye vituo vya afya na hospitali binafsi ndogo. Ni jambo jema, lakini limekuja na swali ambalo wazee wetu hawakuwahi kuulizwa: mtu aende kupimwa kwa sababu moja, arudi na karatasi inayotaja kitu kingine kabisa, afanyeje?

Katika somo hili tunazungumzia vitu viwili vinavyojitokeza mara nyingi kuliko vingine kwa namna hiyo. Cha kwanza ni kifuko kidogo cha maji kwenye ini, ambacho wataalamu hukiita sisti. Cha pili ni kinundu kidogo kwenye pafu, yaani alama ya mviringo iliyo nyeupe katika picha, mahali ambapo pafu lenye hewa lingepaswa kuonekana jeusi. Karibu kila mara vitu hivi havina madhara. Tunataka msomaji ajue kwa nini ni hivyo, na vilevile ajue mipaka ya kauli hiyo, kwa sababu mipaka hiyo katika mkoa wa Simiyu haifanani kabisa na ile inayoandikwa katika vitabu vya Ulaya.

Mfano wa mama mmoja

Tumeutunga mfano huu ili mambo yaonekane kwa mpangilio. Mama wa miaka 46, mkulima wa pamba wa Ngulyati, ameanguka kutoka kwenye pikipiki na kuumia ubavu wa kulia. Anafikishwa hospitali mjini Bariadi, na kwa kuwa anasikia maumivu makali chini ya mbavu, daktari anaagiza kipimo cha CT cha kifua na tumbo ili kuona kama ini limepasuka au damu imevujia ndani. Hili ndilo swali lililompeleka kwenye mashine, na jibu lake ni zuri: hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika, ini ni zima.

Chini ya jibu hilo kuna mistari miwili zaidi. Mmoja unasema kwamba sehemu ya chini ya pafu la kulia kuna kinundu kigumu cha milimita 4 chenye ukingo laini. Wa pili unasema kwamba kwenye ini kuna kifuko cha maji cha milimita 14. Ripoti za picha hapa nchini huandikwa kwa Kiingereza. Mama anaipeleka kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, naye anamsomea kwamba ana uvimbe kwenye pafu na uvimbe kwenye ini. Neno "uvimbe" linatosha. Kufikia jioni ndugu wanazungumza kuhusu saratani iliyoanza kwenye ini na kupanda kifuani, na mtu mmoja anajua mahali inapouzwa dawa ya kusafisha ini.

Tukipima kwa vitu vya shambani, milimita 4 ni ukubwa wa punje ya mtama. Milimita 14 ni kama mbegu ya karanga iliyokwisha kumenywa. Ukubwa pekee hautoi hukumu, lakini ndipo daktari anapoanzia, na ni vizuri mgonjwa naye aanzie hapo.

Kwa nini mashine inaona vitu hivi

Picha ya eksirei ya kifua ni kivuli kimoja. Mbavu, moyo, mishipa na mapafu vyote hulala juu ya kila kimoja, na kinundu kisichofikia takriban sentimita moja hupotea kwa urahisi katikati yao. Mashine ya CT hufanya kazi kwa namna nyingine: huukata mwili kwa picha katika vipande vyembamba, mara nyingi vya unene wa milimita 1 hadi 5, na kila kipande hutazamwa peke yake. Kitu chenye ukubwa wa punje ya mtama hakina tena mahali pa kujificha.

Maana yake ni kwamba vinundu na vifuko hivi vilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni jicho. Vifuko vya maji kwenye ini, kwa mfano, hupatikana kwa watu wazima wengi: kutegemea umri wa wanaopimwa na aina ya mashine, ni kati ya watu wachache na kumi na kadhaa katika kila mia, na idadi huongezeka kadiri watu wanavyozeeka. Wengi wao wataishi na kufa kwa sababu nyingine bila kujua kwamba walikuwa navyo.

Kwa upande wa mapafu kuna ushahidi mzuri kutoka Marekani. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, watu waliokuwa wamevuta sigara kwa wingi kwa miaka mingi walipimwa kwa CT, na kila aliyekuwa na kinundu cha milimita 4 au zaidi alihesabiwa kuwa na jibu la kutilia shaka. Katika kila majibu 100 ya namna hiyo, takriban 96 hayakuwa saratani. Hao walikuwa wavutaji wakubwa, watu waliochaguliwa hasa kwa sababu walikuwa katika hatari. Mama wa Ngulyati ambaye hajawahi kuvuta sigara anaanzia mahali pazuri zaidi kuliko wao.

Kinundu cha mama huyu ni nini hasa

Katika Tanzania, jibu la kwanza la kufikiria ni kovu. Mtu anapovuta hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu, mara nyingi mwili huvizingira kwa ukuta wa chembe za kinga na kuvifungia humo. Wengi hawaugui kamwe. Kinachobaki ni kinundu kidogo, ambacho kwa miaka mingi huweza kujaa chokaa na kuwa kigumu kama kokoto. Maambukizi mengine ya kifua huacha alama zinazofanana na hizo. Kinundu kilichojaa chokaa chote, au chenye chokaa katikati, ni miongoni mwa vitu ambavyo mtaalamu wa picha anaweza kuvitambua kuwa havina madhara kwa kuviangalia mara moja tu. Ndiyo maana inafaa kuuliza kama ripoti inataja chokaa.

Jibu la pili ni tezi ndogo ya limfu. Tezi hizi tunazijua shingoni na kwenye kinena, lakini zipo pia ndani ya mapafu, hasa sehemu za chini, karibu na utando unaoyafunika mapafu au kwenye mpaka unaotenganisha sehemu moja ya pafu na nyingine. Katika picha huwa na umbo la pembetatu au yai lililobanwa, na ukingo wake ni laini. Ni kiungo cha kawaida cha mwili kilichopigwa picha.

Saratani ya mapafu inawezekana pia, lakini kwa kinundu kigumu kisichofikia milimita 6 uwezekano wake uko chini ya mmoja katika mia, hata kwa mtu aliyevuta sigara. Kwa msingi huo Jumuiya ya Fleischner, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilisema kwamba mtu mzima asiye na hatari ya pekee, akiwa na kinundu kigumu cha chini ya milimita 6, hahitaji kurudiwa kipimo. Kikiwa kati ya milimita 6 na 8, kipimo hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi milimita 8, yaani kikikaribia punje ya mahindi, daktari hufikiria kipimo kingine baada ya miezi 3, au uchunguzi wa kina zaidi, pamoja na kuchukua kipande cha nyama kwa ajili ya maabara.

Mwongozo huo una milango yake, na hapa ndipo tunaposema kwamba mipaka ya Simiyu si ile ya Ulaya. Haukuandikwa kwa ajili ya watu walio chini ya miaka 35, wala kwa mtu ambaye tayari ana saratani, wala kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga, akionekana na kinundu cha milimita 4, huyo haambiwi kwamba mwongozo umemwachilia. Kwake kinundu kidogo kinaweza kuwa kifua kikuu kinachoanza, au maambukizi ya fangasi, na hayo hayasubiri miezi sita. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye kinundu ambaye hajui hali yake ya maambukizi ya VVU ana sababu ya kupima sasa. Kwa maoni yetu kipimo hicho kina manufaa zaidi kwake kuliko CT ya pili.

Vilevile, mwongozo wowote wa kinundu kisicho na dalili unadhani kwamba dalili hazipo. Kukohoa kwa wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha nguo, kupungua uzito, kukohoa damu: mtu mwenye mojawapo kati ya hizi anahitaji kupimwa makohozi, hata kama kinundu chake ni kidogo namna gani. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Anayeambiwa alipie dawa za kifua kikuu katika kituo cha Serikali ana haki ya kuuliza kwa nini.

Tuongeze kundi moja zaidi. Vijana wengi wa Simiyu huenda migodini Geita, Shinyanga na kwingineko, na kurudi nyumbani wakati wa kilimo. Vumbi la mwamba wenye silika huacha vinundu vingi vidogo, hasa sehemu za juu za mapafu yote mawili, na mtu aliyeathirika nalo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kinundu kimoja kwa mkulima na vinundu ishirini kwa mchimbaji ni mambo mawili tofauti, lakini daktari hawezi kuyatofautisha asipoambiwa habari ya mgodi. Iseme, hata kama hakuuliza.

Turudi kwa mama yetu. Daktari anamwuliza maswali haya moja baada ya jingine.

"Mama, umewahi kuvuta sigara?"

"Hapana."

"Nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Marehemu mume wangu, zamani. Alimaliza dozi, akapona."

"Na wewe unakohoa?"

"Sikohoi, daktari. Ninaumwa ubavu tu, tangu niliposhuka kwenye pikipiki bila kupenda."

Anapimwa VVU, hana. Uzito wake haujapungua, na hana jasho la usiku. Aliishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, kwa hiyo kovu ndilo maelezo yanayofaa zaidi. Anaambiwa kwamba kinundu hakihitaji kipimo kingine, ila akipata kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili arudi na aseme kwamba aliwahi kuonekana na kinundu.

Kwa nini tusipime tena tu, kwa uhakika

Hili ndilo swali ambalo ndugu huuliza, na ni la haki. Kwa kinundu kidogo namna hii kuna mambo matatu ya kupima dhidi ya uhakika huo.

La kwanza ni hesabu ya ukubwa wenyewe. Kinundu ni mpira mdogo. Kipenyo cha mpira kikitoka milimita 4 kwenda 5, ujazo wake unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo badiliko la milimita moja lingekuwa kubwa sana, kama lingekuwa la kweli. Lakini wataalamu wawili wakipima kinundu hichohicho katika picha hiyohiyo wanaweza kutofautiana kwa zaidi ya milimita moja, na mgonjwa akivuta pumzi kidogo kuliko mara ya kwanza kipimo hubadilika pia. Ndiyo maana ongezeko la chini ya milimita 2 halihesabiwi kuwa ukuaji. Anayekimbilia kurudia kipimo baada ya mwezi mmoja hununua namba ambayo haina maana, na namba hiyo ikiwa 5 badala ya 4 hatalala usiku. Saratani ngumu za mapafu kwa kawaida huchukua takriban siku 100 hadi 400 ujazo wake kuwa mara mbili, na muda wa miezi katika miongozo umetokana na hilo. Kinundu kigumu kilichobaki vilevile kwa miaka miwili huchukuliwa kuwa hakina madhara.

La pili ni mionzi. CT ya kawaida ya kifua humpa mtu takriban milisivati 5 hadi 7. Eksirei moja ya kifua ni takriban 0.1, na mionzi ya asili itokayo ardhini na angani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Kipimo kimoja chenye sababu hakimdhuru mtu kiasi cha kukiogopa. Vipimo vinne visivyo na sababu ni jambo jingine. Pale ambapo kinundu kinastahili kufuatiliwa, mgonjwa anaweza kuomba kipimo cha CT cha dozi ndogo, ambacho hutumia sehemu ndogo tu ya mionzi hiyo na bado huonyesha kinundu vizuri. Kila kituo chenye mashine ya mionzi kinatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, na mteja anaruhusiwa kuuliza kama leseni hiyo ipo.

La tatu ni sindano. Kuchukua kipande cha kinundu kwa sindano kupitia kifuani husababisha hewa kuvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hadi saba, na baadhi yao huhitaji kuwekewa mrija. Kwa kinundu cha sentimita mbili chenye miiba ukingoni, hatari hiyo inastahili kubebwa. Kwa punje ya mtama haistahili, na mara nyingi sindano haitaipata hata ikitafutwa.

Kifuko cha ini

Kifuko cha kawaida cha ini ni kijifuko chenye ukuta mwembamba wa tabaka moja la chembe, kilichojaa majimaji safi. Hutokana na vijifereji vya nyongo ambavyo mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake havikuungana na vingine. Vikabaki peke yake na kukusanya maji polepole. Hakitokani na pombe, wala chakula, wala uchafu uliokusanyika kwenye ini. Kwa kuwa hakina uhusiano na kazi ya ini, vipimo vya damu vya ini huwa vya kawaida. Kwa kifuko cha aina hii kisicho na dalili, miongozo ya Ulaya na Marekani haitaki kipimo cha kurudia. Dawa ya kukiondoa haipo kwa sababu hakuna cha kutibu. Vichache hukua hadi kufikia sentimita kadhaa na kusukuma tumbo, na hivyo hushughulikiwa kwa sababu ya maumivu.

Jinsi ya kukitambua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na chombo bora zaidi ni altrasaundi, ambayo haina mionzi na bei yake ni ndogo kuliko ya CT. Kwenye altrasaundi maji ni meusi kabisa. Kifuko cha kawaida huonekana kama tundu jeusi, ukuta wake hauonekani au ni mstari mwembamba, na nyuma yake pana mwanga kwa sababu sauti imepita majini bila kupunguzwa. Kwenye CT mtaalamu hupima uzito wa picha kwa kipimo ambacho maji ni sifuri. Kifuko cha kawaida huwa kati ya sifuri na ishirini, na hakibadiliki mgonjwa anapodungwa dawa ya kung'arisha mishipa. Kitu kinachong'aa baada ya dawa hiyo kina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo si kifuko cha maji tu.

Vitabu vingi vya wagonjwa huishia hapo. Sisi hatuwezi, kwa sababu ya mbwa.

Kuna mnyoo mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza kwa mikono, maji au mboga, huweza kuota katika ini lake kifuko cha maji chenye minyoo michanga ndani. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hupata vifuko hivyo pia, na mbwa hupata mnyoo kwa kula viungo vyao vilivyotupwa wakati wa kuchinja. Maeneo ya wafugaji ya Afrika Mashariki yanaujua ugonjwa huu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa mahali ulipopatikana kwa wingi zaidi duniani, na AMREF katika miaka ya 1980 walizunguka huko wakiwapima watu kwa altrasaundi kijiji kwa kijiji. Hapa nchini umeripotiwa miongoni mwa wafugaji wa Ngorongoro. Simiyu inapakana na Serengeti, ng'ombe ni wengi, na mbwa hulala uani.

Kifuko cha mnyoo huyu kina alama zake. Ukuta wake mara nyingi huonekana kama mistari miwili. Ndani huweza kuonekana vifuko vidogo vilivyozaliwa ndani ya kikubwa, au utando uliobanduka na kuelea, au chembe laini zinazotawanyika kama mchanga mgonjwa anapogeuzwa upande. Shirika la Afya Duniani lilitoa uainishaji wa picha hizo mwaka 2003, na ndani yake liliweka kundi la vifuko ambavyo havina alama yoyote ya uhakika, kwa kukiri kwamba kuna wakati jicho haliwezi kuamua. Kwa mtu anayeishi na mbwa na mifugo, kifuko kisichoamulika huhitaji kipimo cha damu au altrasaundi ya pili baada ya miezi kadhaa.

Katika hali hiyo kuna jambo moja la hatari, nalo ni kuchomwa sindano ili kunyonya maji bila kujua kifuko ni cha aina gani. Kifuko cha mnyoo kikivujia tumboni huweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, na minyoo iliyomwagika huota vifuko vipya. Matibabu yake yapo, kwa vidonge vya albendazoli na wakati mwingine kwa upasuaji au sindano maalumu, lakini hufanywa katika hospitali iliyojiandaa. Ukiambiwa kwamba kifuko kitanyonywa leo leo ili kiishe, uliza kwanza kama kimetofautishwa na cha mnyoo.

Homa kali pamoja na maumivu ya ubavu wa kulia hubadilisha mambo yote. Hapo kinachoonekana kwenye ini kinaweza kuwa jipu, ambalo hutokana na amiba au bakteria, na mgonjwa anatakiwa kutibiwa siku hiyo. Macho ya manjano, ukuta mnene wa kifuko, au nyama iliyoota ndani yake huhitaji daktari bingwa.

Mama yetu alifanyiwa altrasaundi. Tundu jeusi la milimita 14, ukuta hauonekani, mwanga nyuma, hakuna mchanga hata alipogeuzwa ubavu wa kushoto. Kwa kuwa nyumbani kwake kuna mbwa wawili na ng'ombe huchinjwa uani wakati wa sherehe, daktari alimwomba arudi kwa altrasaundi moja zaidi baada ya miezi sita. Kifuko kilikuwa vilevile. Hakutakiwa kurudi tena.

Karatasi, picha na wauzaji

Ripoti iliyotaja kinundu bila kutaja ukubwa wake haijakamilika, na mgonjwa aombe ukubwa uandikwe, pamoja na aina ya ukingo, mahali kilipo, na kama kuna chokaa. Mwambie daktari akueleze mstari huo kwa Kiswahili kabla hujatoka chumbani, maana kazi hiyo haimhusu kijana wa kidato cha nne.

Omba nakala ya picha zenyewe pia, mara nyingi huwekwa kwenye diski. Picha ya zamani ni mali. Mtu aliyepigwa picha ya kifua miaka mitano iliyopita, na chokaa ileile ikaonekana mahali palepale, amemaliza uchunguzi wake bila kulipa shilingi. Tunajua filamu kuukuu za eksirei hugeuzwa pazia la dirisha au kitu cha kutazamia kupatwa kwa jua (jambo la mwisho hilo huharibu macho). Zifungwe kwenye bahasha na zikae mahali pakavu.

Kuhusu dawa ya kusafisha ini, iliyotajwa jioni ile nyumbani kwa mama: kifuko hakina mlango unaofunguka ili maji yatoke, hivyo hakuna kinywaji kinachoweza kukisafisha. Baadhi ya mchanganyiko wa mitishamba huumiza ini lenyewe, na mtu aliyekuwa na ini zima na kifuko kisicho na madhara huishia kuwa na ini bovu na kifuko kilekile. Dawa inayouzwa inatakiwa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa za asili na watoa huduma wake husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji asiye na namba ya usajili, au anayeahidi kuyeyusha uvimbe wowote kwa siku chache, anaweza kuripotiwa kwa mamlaka hizo au kwa mganga mkuu wa wilaya. Chukua chupa au picha ya lebo yake, na tarehe uliyoinunua.

Matangazo ya kupima mwili mzima "ili kujua mapema" yameanza kufika katika miji mikubwa. Mtu asiye na dalili anayenunua kipimo hicho ana uwezekano mkubwa wa kupata angalau mstari mmoja wa ziada kwenye ripoti yake, na kila mstari una gharama ya kuufuatilia. Kabla ya kulipa, aulize bei ya hatua ya pili, na nani atakayezisoma picha hizo.